"Hawana Kitu Lakini Wana Furaha": Maneno Tunayoyaandika Chini ya Picha za Nyumbani

Ikifika Desemba 22 au 23, fremu nyingi za Kariakoo hushusha milango yake ya chuma. Aliyekuwa anauza mikoba Mtaa wa Kongo, vitambaa Mtaa wa Aggrey au vyombo karibu na Mtaa wa Msimbazi amekwisha kufunga hesabu za mwaka, amenunua sukari, mchele na kitenge cha bibi, na sasa yuko njiani kwenda Moshi, Rombo au Machame. Watani wa Wachagga husema wanakwenda kuhesabiwa. Utani huu tumeuzoea mno hata tunasahau kwamba umebeba sura ya pili ya Injili ya Luka, ambapo Yosefu na Maria wanapanda kwenda Bethlehemu kuandikwa katika mji wa ukoo wao. Kwenda nyumbani wakati wa Noeli ni safari ya Kibiblia kabla ya kuwa safari ya Kichagga.

Siku mbili tatu baada ya milango kufungwa, simu zetu hujaa picha. Migomba, ukungu, mlima, ng'ombe bandani, bibi jikoni, watoto wa jirani wamejipanga mstari. Chini ya kila picha kuna maneno, ambayo vijana tunayaita kapsheni. Nataka kuzungumzia maneno hayo, kwa sababu nadhani ndiyo yanayosema ukweli kuhusu sisi tuliokwenda kuliko picha zenyewe. Picha humwonyesha aliyepigwa. Kapsheni humwonyesha aliyeandika, na mahali alipokuwa amesimama alipokuwa anaandika: sawa na yule aliyepigwa, au juu yake.

Nichukue mfano mmoja tu na kuufuatilia mpaka mwisho. Kijana mmoja ninayemfahamu, mwenye fremu ya mikoba Kariakoo, alikwenda kwa bibi yake Kilema. Alipiga picha nzuri. Bibi amesimama mbele ya banda la ng'ombe, mzigo wa majani uko chini miguuni pake, panga bado liko mkononi, na anacheka. Pembeni kabisa mwa picha unaonekana mkono wa mtu mwingine ameshika kamba. Mwili wake umekatwa na ukingo wa picha. Chini yake yule kijana akaandika: "Maisha rahisi ya kijijini. Hawana kitu lakini wana furaha. Tujifunze kushukuru." Watu wengi wakaipenda. Wengi waliandika "Amina."

Kijana huyu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Anampenda bibi yake, na kila mwezi anamtumia fedha kwa simu. Ndiyo maana mfano wake unafaa. Dharau ya wazi haitusumbui sana, maana kila mtu anaitambua. Neno "mshamba" limetokana na shamba, mahali chakula kinapotoka, na mjini tumeligeuza kuwa tusi. Hakuna mtu mwenye adabu atakayelitumia kumwita bibi yake. Inayotusumbua ni dharau inayokuja na tabasamu, iliyovaa nguo za upendo na hata za sala. Tuyachukue maneno yake sentensi moja moja.

Ya kwanza inasema, "Maisha rahisi." Ebu tuangalie kilichomo katika picha. Majani yale hayakuota karibu na banda. Kihamba cha Kilimanjaro hakina eneo la malisho, kwa hiyo ng'ombe hufugwa bandani mwaka mzima na chakula chake hufuatwa. Sehemu ni migomba iliyokwisha kuzaa, inayokatwakatwa vipande. Sehemu ni majani yanayokatwa kingo za mifereji au chini kabisa tambarare, yakafungwa mzigo na kupandishwa mlimani kichwani. Samadi ya ng'ombe hurudi kwenye mashina ya migomba. Migomba inatoa kivuli kwa kahawa iliyo chini yake, na miti mirefu kama mringaringa inatoa kivuli kwa migomba. Chini kabisa kuna magimbi, na viazi vikuu vimepanda juu ya miti. Huu ni mpango wa ghorofa nne katika eneo ambalo mara nyingi halifiki hata ekari mbili, na kila ghorofa inailisha nyingine. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu wa kihamba, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima.

Ndani ya mpango huo mna maarifa ambayo hayaandikwi popote. Katika kila shina la mgomba huachwa mimea mitatu: mama anayezaa sasa, mtoto atakayemfuata, na mjukuu atakayemfuata mtoto. Ukiacha machipukizi yote yakue kwa kuyaonea huruma, mikungu inakuwa midogo na shina linachoka. Ukikata kupita kiasi, utakaa miezi bila ndizi. Bibi anapopita kihambani na panga, kila pigo ni uamuzi kuhusu chakula cha mwakani. Mtu anayefanya kazi hiyo kwa miaka 50 haishi maisha rahisi. Sisi tunayaona rahisi kwa sababu hatuoni anachokifikiri, tunaona tu panga na kanga. Ni kosa la kifalsafa kabla ya kuwa kosa la adabu: tumechukua upungufu wa maarifa yetu na kuuita sifa ya kitu tunachokitazama.

Sentensi ya pili ndiyo nzito: "Hawana kitu lakini wana furaha." Aliyeandika anakaa Dar es Salaam katika chumba cha kupanga, anafanya biashara katika fremu ya kupanga, na bidhaa nyingine dukani amezichukua kwa mkopo. Aliyeandikiwa anaishi katika ardhi ya ukoo, ana nyumba, ng'ombe, kahawa, na makaburi ya mume wake na ya wakwe zake yako humo humo kihambani, jambo ambalo kwa Mchagga ndilo linalolifanya eneo kuwa kwao. Tukiweka mali mezani kwa haki, sijui ni nani kati ya hao wawili angeambiwa hana kitu. Neno "kitu" hapa limekuja na maana ya mjini: vitu vinavyouzwa Kariakoo. Tumekipima kihamba kwa mizani ya duka, tukakiona chepesi.

Kisha kuna neno dogo "lakini." Neno hilo linabeba mshangao wa mwandishi: nilitegemea wangekuwa na huzuni, nimekuta wanacheka. Na je, furaha yenyewe tumeijuaje? Bibi alicheka kwa sababu mjukuu wake amefika baada ya mwaka mzima, na amesimama mbele yake na simu akimwambia acheke. Kutoka kwenye kicheko hicho tumepata hukumu juu ya moyo wa mtu, na kutoka moyo wa mtu mmoja tumepata hukumu juu ya "wao" wote. Angalia pia jinsi sarufi yetu inavyofichua mambo: picha ina bibi mmoja, lakini kitenzi kiko katika wingi. Bibi ameacha kuwa bibi yangu na kuwa kundi. Baada ya hapo chochote kinaweza kusemwa juu yake, maana kundi halijibu.

Sentensi ya tatu inasema, "Tujifunze kushukuru." Hapa ndipo sisi watu wa dini tunapoingia, na tunaingia vibaya. Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kama njia tu ya kufikia lengo la mwingine, na wengi tunaikumbuka kanuni hiyo wakati wa mtihani. Lakini angalia kazi aliyopewa bibi katika sentensi hii. Yeye ni njia. Lengo ni sisi wa mjini tujisikie vizuri kuhusu vyumba vyetu, umeme wetu na mishahara yetu. Shukrani inayopatikana kwa kumtazama mtu aliye chini yangu na kujiambia "afadhali mimi" ina jirani mbaya katika Injili: yule Farisayo aliyesimama hekaluni akimshukuru Mungu kwamba yeye si kama wengine. Naye alikuwa anashukuru.

Yule kijana alipoambiwa haya na dada yake, alifuta na kuandika upya. Safari hii aliandika: "Malkia wa mlima. Huku ndiko peponi, hewa safi, chakula cha asili, hakuna presha. Tuliomjini tumepotea." Alidhani ameondoa dharau, kumbe ameigeuza upande tu. Mwanzo bibi alikuwa chini, sasa yuko juu sana hata hatumfikii. Ukiita mahali peponi, umesema kwamba hapana shida, na kwa hiyo hapana haja ya kuuliza kitu. Lakini kama Kilema ni peponi, kwa nini wajukuu wote wako Kariakoo? Jibu analijua yeye mwenyewe. Kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, mpaka sehemu nyingine zinatosha nyumba na migomba michache tu. Kahawa, ambayo wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda hapo hapo Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo kupitia chama cha ushirika cha KNCU kilichoanzishwa mwaka 1933 ilisomesha watoto wengi wa mlimani, haina tena nguvu ile ya kulipa ada. Familia nyingi zimeing'oa na kupanda migomba au mboga. "Hakuna presha" ni maneno ya mtu aliyekuja kwa siku kumi. Vivyo hivyo wale wanaoandika "huku hakuna mtandao, raha tupu": kwa mwenyeji anayelazimika kupanda kilimani na simu yake ya kitochi ili apokee fedha ya dawa, kukosa mtandao si raha.

Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayotazamana. Moja linamhurumia mtu kutoka juu, jingine linamsifu kutoka mbali. Yote mawili yanafanana katika jambo moja: hayajamuuliza chochote, na hayasemi lolote ambalo lisingeweza kuandikwa chini ya picha ya bibi mwingine yeyote, wa Songea, wa Bukoba au wa Makete. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuangalia. Kama kapsheni yako inaweza kuhamishwa kwenda chini ya picha ya mtu mwingine bila kubadilisha neno, basi haimhusu huyu.

Dalili ya pili ni kugeuza picha. Tuseme bibi amekuja Kariakoo kumtembelea mjukuu, amempiga picha akiwa amekaa juu ya marobota yake ya mikoba saa tatu usiku, na kaiandika hivi: "Maisha ya Kariakoo. Wanalala chumba kimoja watu wanne, maji wananunua kwa ndoo, shamba hawana, lakini wana furaha. Tujifunze kushukuru." Kila neno linaweza kuwa kweli, na bado yule kijana angekasirika, tena kwa haki. Angesema, mbona hajataja kwamba nimeijenga biashara hii kwa miaka sita? Mbona hajasema ninavyomjua kila mteja? Jibu la swali hilo ndilo alilopaswa kumpa bibi kwanza.

Dalili ya tatu ndiyo kali zaidi, na naipendekeza kwa kila mtu: msomee kapsheni yeye mwenyewe, kwa sauti, kabla hujaituma. Usimsomee dada yako, msomee aliye kwenye picha. Mtu anayesema "hawezi kuelewa" amekwisha kujihukumu. Na asidhani hatasikia. Siku hizi binamu zetu walioko nyumbani wana simu sawa na sisi, na picha unayoituma saa nne asubuhi inasomwa Kilema saa nne na dakika moja. Jioni bibi atakuwa amekwisha kuambiwa kwamba ameandikwa hana kitu.

Hapa turudi kwenye ule mkono uliokatwa na ukingo wa picha. Ni mkono wa mtoto wa shangazi yake yule kijana, msichana aliyebaki nyumbani. Yeye ndiye anayelala na bibi, anayempeleka hospitali, anayebeba majani mwezi Februari wakati sisi wote tuko mjini. Ndiye aliyeyasoma yale maneno ya kwanza kwenye kundi la familia, na ndiye aliyenyamaza. Hakutoa jibu lolote, akaacha tu kuandika kwenye kundi kwa wiki mbili. Waliobaki wana kidonda ambacho sisi tuliondoka hatukioni: tunafika na sukari na kitenge, tunapiga picha, tunaondoka tukiwa tumeandikwa kuwa wakarimu, na wao wa kila siku hawamo hata kwenye picha. Nadhani jambo lililo hatarini katika kapsheni ni hili. Hadhi ya "maisha ya kijijini" kwa ujumla itajitetea yenyewe. Undugu wa watu wawili wa umri mmoja, mmoja aliyeondoka na mmoja aliyebaki, ambao siku moja watalazimika kumzika bibi pamoja na kuamua pamoja habari za kihamba, huo haujitetei. Maneno matatu ya simu yanaweza kuupunguza.

Wapo watakaoniambia, "Fratera, ni picha tu, mbona unakuza mambo?" Ningekubali kama wao wenyewe wangeichukulia kuwa picha tu. Lakini mtu aliyekaa dakika ishirini akitafuta maneno ya kuweka chini ya picha amekwisha kukubali kwamba maneno yana uzito. Na wapo watakaosema kwamba nikiendelea hivi watu wataogopa kusema ukweli kuhusu shida za vijijini. La, shida zisemwe. Tofauti iko kwenye namna ya kuzisema. Mwenye shida huisema kwa jina lake: mfereji umekauka tangu Oktoba, kahawa imeshambuliwa na ugonjwa, zahanati iko mbali. Mgeni huisema kwa jumla: umaskini, maisha magumu, tuwasaidie. Ukiandika shida kwa maneno ambayo mwenyewe angeyatumia, unamsaidia kusema. Ukiiandika kwa maneno yako, unasema badala yake.

Katika Injili ya Yohane kuna mazungumzo mafupi yanayonisaidia katika jambo hili. Filipo anamwambia Nathanaeli kwamba wamempata yule aliyeandikwa na Musa na manabii, naye ni mtu wa Nazareti. Nathanaeli anauliza kama kijiji hicho kinaweza kutoa jambo jema. Mara nyingi tunalisoma swali hilo kama dharau ya mtu wa mjini. Lakini mwishoni mwa Injili hiyo hiyo tunaambiwa Nathanaeli alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya. Hakutoka Yerusalemu. Alikuwa mtu wa kijiji cha jirani. Dharau kwa kijiji huwa kali zaidi kwa mtu aliyetoka kijijini, ambaye anahitaji kuthibitisha kwamba yeye ametoka kweli. Kariakoo tunalijua hilo. Karibu kila anayemwita mwenzake "wa kuja" ni wa kuja yeye mwenyewe, au baba yake alikuwa. Hata jina la mtaa wetu linatukumbusha: Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliochukuliwa vijijini kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, na wengi wao hawakurudi kwao. Soko kubwa kuliko yote nchini limepewa jina na watu wa vijijini waliobeba mizigo kichwani. Anayesimama hapo na kuwatazama wabeba majani kwa huruma amesahau yuko wapi.

Angalia pia jibu la Filipo. Hakuitetea Nazareti. Hakusema ni pahali pazuri, watu wake ni wanyenyekevu, hewa yake ni safi. Alimwalika mwenzake aje ajionee. Nathanaeli alipokuja, aligundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa ametazamwa kwanza, chini ya mtini. Ndivyo inavyokuwa nyumbani pia. Tunafika tukidhani tunakwenda kuangalia, kumbe bibi alikwisha kutuangalia tangu tulipofungua mlango wa gari, akajua nani amekonda, nani hana amani na mkewe, nani ameanza kunywa. Mtu anayekuona hivyo si mandhari ya picha yako.

Basi tuandike nini? Yule kijana aliniambia alichofanya mwishowe. Alikwenda kwa bibi na simu, akamsomea maneno yake ya pili. Bibi alisikiliza, akauliza, "Huyo malkia ni nani?" Kisha akamwambia amtaje na mjukuu wake mwingine, maana kamba ile ni yeye aliyeishika. Wakapiga picha nyingine, wote watatu wakiwemo, na yule kijana akiwa ameinamia mzigo. Kapsheni ikawa hivi: "Kilema, Desemba 27. Bibi na binamu yangu wamekata majani haya kabla sijaamka. Nimejaribu kuubeba mzigo, nimefika nao mferejini, binamu akaumalizia. Ng'ombe anaitwa Noeli, alizaliwa siku hiyo."

Tulinganishe na ile ya kwanza. Hakuna sifa hata moja ndani yake. Hakuna neno "zuri," "rahisi," "asili" wala "furaha." Kuna mahali, tarehe, kazi, na vitenzi vyenye watu wanaovifanya. Zamani mwandishi alikuwa juu akitoa somo. Sasa yumo ndani ya picha na mzigo umemshinda. Ng'ombe ana jina. Aliyekatwa pembeni amerudi. Bado msomaji anajua bila kuambiwa kwamba aliyeandika anawapenda watu hawa, kwa sababu mtu hujua majina na kazi za wale anaowapenda. Na jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba maoni chini ya picha yalibadilika. Watu hawakuandika "Amina." Waliuliza: mzigo ule una kilo ngapi? Ng'ombe anatoa lita ngapi? Mmoja aliandika kwamba bibi yake wa Rombo hufunga majani kwa maganda ya mgomba badala ya kamba. Picha ikawa mahali pa mazungumzo kati ya watu wanaojua jambo.

Sisemi kwamba kapsheni nzuri inamaliza kazi. Haijazi mfereji maji wala haipandishi bei ya kahawa. Pia ziko picha ambazo hazihitaji kwenda popote: bibi akiwa mgonjwa, bibi akisali rozari yake kitandani, watoto wa jirani ambao wazazi wao hawakuulizwa. Hizo zibaki kwenye simu, au zisipigwe kabisa. Na ipo njia moja ya zamani ambayo vijana tumeisahau: kuisafisha picha studio Kariakoo, kuiwekea fremu ya mbao, na kuipeleka nyumbani Noeli inayofuata ili itundikwe ukutani. Picha ya namna hiyo haina kapsheni, kwa sababu kila anayeingia sebuleni anawajua waliomo.

Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Kizazi chetu hakikatai kwao. Kinakwenda kila mwaka, kinalipa nauli iliyopanda, na tangu treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporudi Desemba 2019, wengine wanakubali kukaa njiani usiku kucha ili wafike. Sisi jaribu letu ni jingine, nalo ni kwenda kwetu tukiwa watalii. Mtalii huandika alichokihisi. Mtu wa nyumbani anaandika nani alikuwepo na nani alifanya kazi gani, kwa maneno ambayo wenyewe wanaweza kusomewa wakiwa wamekaa jikoni, na yeye akiwa amekaa nao.